Zawadi ya siku ya kuzaliwa: kumgeuza rafiki kuwa mhusika wa gemu ya biti 16

Siku hizi kwenye simu zetu pamezuka mtindo mpya wa kumtakia mtu heri ya siku ya kuzaliwa. Mtu anachukua picha ya rafiki yake, anaigeuza kuwa kikaragosi kidogo cha vijiraba, kama wale wahusika wa gemu za kaseti za miaka ya 1990, kisha anamtumia pamoja na maneno machache. Ikifanyika vizuri, mwenye siku yake anacheka, anaionesha nyumba nzima, na jioni unaikuta kwenye profaili yake. Ikifanyika vibaya, anakujibu "asante" tu, kwa sababu hajajitambua. Au amejitambua, lakini uso umepauka kama mtu aliyejipaka mkorogo.

Katika makala haya tunaeleza kikaragosi hicho kinavyotengenezwa, kwa nini nyuso zetu ndizo zinazoharibika kwanza, na namna ya kukituma kifike kikiwa safi.

Biti 16 ni nini hasa

Wataalamu wa gemu huita kikaragosi cha namna hii "sprait", na hakihusiani na soda. Ni picha ndogo ya mhusika inayotembea juu ya mandhari bila kuyafuta. Picha hiyo imejengwa kwa vijiraba vinavyoitwa pikseli. Ukitaka kuielewa haraka, kumbuka daftari la hesabu lenye viboksi, au vile vitambaa vya makochi ambavyo mama zetu hufuma kwa kuhesabu nyuzi. Kila kiboksi kina rangi moja tu, na picha nzima inatokana na kuhesabu.

Mashine za biti 16 zilizojulikana zaidi ni mbili, zote za Japani: Mega Drive ya kampuni ya Sega, iliyotoka mwaka 1988, na Super Famicom ya Nintendo, iliyotoka mwaka 1990 na kuitwa Super Nintendo katika nchi nyingine. Wengi hudhani biti 16 maana yake ni rangi 16. Sivyo. Biti 16 ni ukubwa wa namba ambayo akili ya mashine hiyo iliweza kuishughulikia kwa mkupuo mmoja. Ila kwa bahati, namba 16 inarudi tena kwenye rangi, na hapo ndipo penye siri ya sura ya gemu hizo.

Super Nintendo iliweza kutengeneza rangi 32,768. Lakini kila mhusika alipewa sinia moja lenye nafasi 16 za rangi, na nafasi moja kati ya hizo ilibaki wazi ili mandhari yaonekane nyuma yake. Kwa hiyo msanii alikuwa na rangi 15 za kumvalisha mhusika mmoja, kuanzia nywele hadi viatu. Mega Drive nayo ilifuata hesabu hiyohiyo ya 15, ingawa rangi zake za kuchagua zilikuwa 512 tu.

Kwa hiyo ukitaka picha ya rafiki yako ifanane kweli na gemu za enzi hizo, vijiraba peke yake havitoshi. Sheria ni ya rangi 15. Picha yenye vijiraba vikubwa lakini rangi mia tatu haionekani kama gemu. Inaonekana kama picha iliyofichwa uso kwenye taarifa ya habari.

Kwa nini kupunguza picha hakutoshi

Zipo programu nyingi za simu zinazodai kufanya kazi hii kwa kubonyeza mara moja. Zinachofanya ni kuchukua picha yako, ambayo kwa simu ya kawaida ina pikseli milioni kadhaa, na kuibana hadi ibaki na mia chache au elfu chache. Katika kubana huko, kila kijiraba kipya kinakuwa wastani wa maelfu ya vijiraba vya zamani. Wastani wa njano ya kitenge na bluu ya ziwa ni kijivu cha matope. Wastani wa jicho jeupe, mboni nyeusi na ngozi inayolizunguka ni hudhurungi tu. Jicho limepotea.

Huku kwetu kandokando ya Ziwa Victoria kuna tatizo la pili. Tunapenda kupigia picha ufukweni, rafiki mbele, maji na anga nyuma. Kamera ya simu inaona mwanga mwingi wa ziwa, inapunguza mwanga wa picha nzima, na uso mweusi unabaki giza tupu. Macho ya binadamu bado yanamtambua mtu kwenye picha hiyo kwa sababu yanaokota tofauti ndogondogo. Programu ikishaibana, tofauti hizo hazipo tena, na unabaki na bonge jeusi lenye meno.

Baadhi ya programu hujaribu kutibu hilo kwa kuongeza mwanga kwenye uso. Hapo ndipo ngozi inapopauka. Rafiki yako anapokea sura ya mtu mwingine mweupe aliyevaa nguo zake, na hata asiposema, ameona.

Ndiyo maana tunasema picha iwe ya kutazamia, si ya kubana. Iweke pembeni, chora upya.

Mfano wetu: muuza dagaa wa Igombe

Tuchukue mfano wa mtu ambaye wengi wetu tunamfahamu kwa sura ya kazi yake. Ni mama kijana anayeuza dagaa Igombe, nje kidogo ya mji wa Mwanza. Kwenye picha amefunga kilemba cha kitenge cha njano, amevaa gauni la bluu, ameshika beseni jekundu lenye dagaa, na anacheka hadi mwanya wa meno ya mbele unaonekana. Shoga yake anataka kumtengenezea zawadi.

Kama kuna nafasi ya kupiga picha mpya, mgeuze ili mwanga uangukie uso wake, au msogeze kwenye kivuli cha mwembe ambako mwanga ni wa upole. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, na kamera itapima mwanga wa uso badala ya ule wa ziwa. Kama picha iliyopo ndiyo hiyohiyo, itumie. Rangi ya ngozi yake unaijua, huhitaji kuambiwa na kamera.

Programu ya kuchorea zipo za bure. Pixel Studio inafanya kazi kwenye simu za Android, na Piskel inafunguka ndani ya kivinjari. Fungua ukurasa wenye upana wa pikseli 32 na urefu wa pikseli 48. Vipimo hivyo tumevichagua kwa sababu mashine za zamani zilijenga picha kwa matofali ya pikseli 8 kwa 8, na 32 kwa 48 ni matofali 24 kamili. Wahusika wengi wa enzi hizo walikuwa na kimo kinachokaribia hicho. Ukipiga hesabu, mtu mzima kwenye mashine ile alichukua baiti 768. Ujumbe mfupi wa simu, yaani ile SMS ya herufi 160, una baiti 140. Kwa hiyo rafiki yako mzima, na beseni lake, anaenea kwenye SMS zisizofika sita.

Sasa kichwa. Kwenye gemu, mtu hachorwi kwa kimo cha kweli. Kichwa kinapewa karibu theluthi ya mwili, la sivyo uso haupati nafasi. Katika pikseli 48, kichwa pamoja na kilemba kinapata kama 16, na uso wenyewe unakuwa na upana wa pikseli 12 hivi. Humo hakuna nafasi ya pua yenye matundu, nyusi zenye unywele wala mikunjo ya shavu. Lazima uchague vitu viwili au vitatu vinavyomfanya awe yeye.

Hili si jambo jipya. Shigeru Miyamoto alipomchora Mario kwa ajili ya gemu ya Donkey Kong mwaka 1981, vijiraba vilikuwa vichache kuliko hivi. Alimvalisha kofia ili asihangaike na nywele, akampa masharubu ili pua ionekane, na akamvalisha ovaroli ili mikono itofautiane na kiwiliwili inapotembea. Sura inayojulikana dunia nzima ilitokana na kukosa nafasi.

Kwa muuza dagaa wetu, kilemba kinafanya kazi ya ile kofia. Fundo lake lililosimama upande mmoja ndilo litakalomtambulisha hata ukimtazama kwa mbali, basi lipe pikseli za kutosha na usilifanye liwe sawa pande zote mbili. Kitu cha pili ni beseni. Cha tatu ni mwanya, na hapa tunapenda sana jinsi kazi hii inavyokuwa ndogo: mdomo unaocheka una pikseli tano kwa upana, mbili nyeupe, moja ya giza katikati, na mbili nyeupe. Hiyo pikseli moja ikiwa nyeupe, ni mwanamke yeyote. Ikiwa ya giza, ni yeye.

Ila chagua kile ambacho mwenyewe anakipenda. Mwanya kwetu ni uzuri, na wengi hujivunia. Kovu, jicho lenye makengeza au unene ni habari nyingine, kwa sababu kwenye picha ndogo kila kinachochorwa kinakuzwa. Pikseli moja ya kovu kwenye uso wa pikseli 12 ni sawa na kovu kubwa.

Kugawa rangi 15

Shoga mtu ana rangi 15 za kugawa. Nne ziende kwenye ngozi, na moja nyeusi ya ukingo na mboni za macho. Kilemba cha njano kipate tatu, gauni la bluu tatu, beseni mbili, na dagaa mbili za fedha. Jumla ni 15. Umeona kwamba meno na weupe wa macho hatukuvitaja. Vinaazima ile fedha nyepesi ya dagaa. Wasanii wa enzi zile waliishi kwa kuazima hivyo, na anayepokea hatambui kabisa kwamba meno yake na dagaa wake ni rangi moja.

Ngozi ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Kwa mtu mweusi wa kawaida wa huku kwetu, unaweza kuanzia hapa, ukiziandika namba hizi kwenye kisanduku cha rangi cha programu:

```
#301820  kivuli
#582818  kati
#804028  msingi
#A86038  mwanga
```

Namba hizi zimefuata hatua za rangi za Super Nintendo, kwa hiyo mashine ile ingeweza kuzionesha. Tazama kwamba kivuli hakikuwa ile rangi ya msingi iliyotiwa weusi. Kimeelekea zambarau, na mwanga umeelekea rangi ya chungwa. Ukitia weusi mtupu ngozi inakuwa kama mkaa, na ukitia weupe mtupu inakuwa kama imepakwa majivu. Ngozi nyeusi kwenye jua la ziwani hung'aa, haipauki.

Rangi ya msingi ijaze sehemu kubwa ya uso na mikono. Ile ya mwanga isizidi pikseli chache: paji la uso, ncha ya pua, juu ya shavu, bega moja. Hapa ndipo watu wanapokosea, kwa sababu kwenye kioo cha simu, uso mweusi wa pikseli 12 unaonekana giza na mkono unavutwa kuongeza mwanga. Dawa yake si kubadili ngozi. Badilisha mandhari. Weka nyuma yake rangi nyepesi, kama anga la asubuhi, na uso utajitokeza wenyewe. Kama rafiki yako ni mweusi zaidi ya hapo, au ni maji ya kunde, sogeza rangi zote nne pamoja, usisogeze moja.

Kwa wanaodhani kwamba mashine hizo hazikuweza kuchora watu weusi, gemu ya Streets of Rage ya Mega Drive, ya mwaka 1991, ina mhusika mkuu mweusi aitwaye Adam Hunter, kwa rangi zilezile chache.

Kujipima ni rahisi. Weka simu mezani, rudi nyuma hatua tatu, utazame. Kama unamwona kabla hujaona vijiraba, umefaulu. Au mwoneshe jirani bila kumwambia ni nani.

Mandhari yenyewe hayali zile rangi 15, kwa sababu kwenye mashine za zamani mandhari yalikuwa na sinia lake. Mawe ya Mwanza yanafaa sana hapa. Jiwe la Bismarck kwa rangi tatu za kijivu, mstari wa maji, basi. Usizidishe, maana jiwe likipendeza kuliko mtu zawadi imekuwa ya jiwe.

Kumtuma asiharibike

Kazi ya saa mbili inaweza kuharibika katika sekunde moja ya kutuma. Kikaragosi cha pikseli 32 kwa 48 ni kidogo kuliko alama ya programu kwenye simu yako. Ukikituma kilivyo, simu ya rafiki itakikuza ili kijaze kioo, na katika kukikuza italainisha kingo zote. Atapokea ukungu.

Kwa hiyo kikuze mwenyewe kabla ya kutuma, na ukikuze kwa namba kamili. Programu za kuchorea vijiraba hukuuliza unapohifadhi picha unataka mara ngapi. Chagua mara 16, nayo itakuwa 512 kwa 768. Usichague mara 15 na nusu, wala usivute kwa vidole hadi ipendeze, kwa sababu vijiraba vingine vitakuwa vinene na vingine vyembamba, na uso utapinda.

Hiyo namba 16 ina sababu ya pili. WhatsApp inapotuma kitu kama picha, hukigeuza kuwa JPEG. JPEG hukata picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na rangi huzihifadhi kwa ukali mdogo zaidi, kwa vipande vinavyofika 16 kwa 16. Mpaka wa rangi mbili ukipita katikati ya kipande, pembeni yake hutokea uchafu kama vumbi, hasa pale nyekundu inapokutana na bluu, kama beseni letu na gauni. Ukikuza mara 16 kamili, kila kijiraba cha kikaragosi kinakaa sawasawa ndani ya kipande kimoja, na mipaka yote inaangukia kwenye maungio. Vumbi halipati pa kukaa.

Njia ya uhakika zaidi ni kuihifadhi kama PNG na kuituma kama faili, kwa kuchagua Document badala ya picha. Hapo haiguswi kabisa. Na kwa kuwa rangi ni chache, faili lina kilobaiti chache tu, kwa hiyo bando la rafiki aliye kisiwani haliliwi. Ubaya wake ni kwamba huenda likafika kama jina la faili, na mtu asiyezoea asilifungue. Mwambie kwenye ujumbe.

Kitu kingine: usiache nyuma wazi. Picha yenye nyuma isiyo na rangi ikigeuzwa JPEG, pale palipo wazi panaweza kujazwa weusi, na nywele na ukingo vikapotelea humo. Jaza rangi ya anga.

Na kama rafiki ana kitochi? Peleka picha hiyo steshenari ikachapishwe. Waambie waichapishe ile iliyokuzwa, si ile ndogo, kwa sababu kompyuta yao nayo italainisha.

Maneno ya kuambatanisha

Maneno yawe mafupi, na yamwambie umeona nini kwake. Kwa mfano wetu, shoga anaweza kuandika hivi:

"Mwangaluka shoga yangu! Leo ni siku yako. Nimekuchora kama mhusika wa gemu za zamani. Kilemba chako kipo, beseni lako lipo, na mwanya sijauacha. Maisha: yamejaa. Dagaa: beseni moja. Adui: mvua ya saa tisa mchana, dagaa wakiwa juani. Bonyeza START, mwaka mpya umeanza. Heri ya kuzaliwa! Ukiipenda iweke kwenye profaili, usipoipenda niambie niifute, hakuna mwingine aliyeiona."

Sentensi hiyo ya mwisho iwe ya kweli. Ukianza kuituma kwenye kundi la familia au la kikoba kabla mwenyewe hajaiona, watu wataanza kuitania, na yeye ataikuta tayari imeshapewa jina. Mtumie yeye kwanza, alfajiri kabla hajaenda mwaloni, kisha yeye ndiye aamue nani mwingine aione.